Mstari wa Arobaini na Moja

Daftari langu lina ukurasa mmoja ambao nikiufikia naupita haraka. Nimeandika hapo: "Katibu wa ngoma amekuja. Nimeangalia. Video zote 64 zipo." Maneno hayo si kweli. Siku nayaandika sikujua kama si kweli, na nimejiuliza mara nyingi kama mtu asiyejua anahesabika kuwa amedanganya. Elimu yangu ni darasa la saba na mambo mengine huwa nayaachia waliosoma. Lakini naona niyaeleze yalivyokuwa, na pale nilipokosea mimi niseme ni mimi.

Nina stesheneri ndogo hapa Bariadi. Natoa kopi, nachapa barua na mihtasari ya vikao, napiga picha za pasipoti, na watu wananiletea flashi niwawekee nyimbo na mahubiri. Kompyuta ni moja, ya mezani, nimeinunua ikiwa imeshatumika, na diski yake inajaa upesi. Kwa hiyo nina taratibu zangu. Moja ni hii: mzigo wa mteja haulali dukani. Ukija na flashi, nikikuwekea vitu vyako, kwangu havibaki. Sinakili, nakata na kubandika. Zamani niliacha picha za harusi ya watu kwenye kompyuta, zikaonwa na wasiohusika, ikawa aibu, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo nikajiwekea sheria hiyo nikaiona ni nzuri. Bado naiona ni nzuri, ila siku hizi naisema polepole zaidi.

Kuchukua video mtandaoni nilifundishwa na mwalimu wa kompyuta wa sekondari, mpangaji wangu wa wakati huo. Programu inaitwa yt-dlp. Haina vitufe vya kubonyeza, unaiandikia maneno kwenye dirisha jeusi. Alinikalisha akaniandikia kwenye daftari kama mtu anavyoandikiwa dawa: andika hivi, acha nafasi, bandika kiungo hapa. Yapo maneno mengine aliyaongeza mwishoni, --download-archive, kisha jina la faili tulilolichagua wenyewe, zilizokuja.txt. Akasema hayo ndiyo muhimu kwangu, kwa sababu umeme wa hapa anaujua na bando langu analijua.

Maana yake ni kwamba kila video ikishamaliza kuingia, programu inaandika mstari mmoja kwenye lile faili: jina la tovuti, halafu namba ya video ile, ambayo si namba hasa, ni herufi na tarakimu kumi na moja zilizochanganyika, kubwa na ndogo. Ukirudia amri kesho, inasoma orodha kwanza. Iliyokwisha kuandikwa inarukwa, isiyoandikwa inachukuliwa. Hutumii bando mara mbili kwa kitu kimoja.

Nikaipenda sana orodha ile. Mimi ni mtu wa kuandika andika, naandika hata aliyenisalimia, na kuona mashine nayo ina daftari lake kulinifurahisha.

Katibu wa kikundi cha ngoma cha Sapiwi alikuja msimu wa palizi. Ni mkulima wa pamba, mtu wa maneno mengi, na mimi ananiita mama stesheneri. Alikuwa na shida ya kueleweka. Kijana wao mmoja anayetengeneza simu Mwanza ndiye alikuwa anawapiga video kila msimu wa mashindano, anazipandisha mtandaoni, na za manju wao alizikusanya kwenye orodha moja ya kucheza. Manju ndiye mtunzi na mwimbishaji, na huyu wa Sapiwi alikuwa na jina kubwa. Sasa alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia haukufanya kazi na maneno hayakutoka tena. Katibu alisema nyimbo zake hazijaandikwa popote, zimebaki kwenye zile video, na mtandao si ghala la mtu, kesho unaweza kukuta pamefungwa. Yule wa Mwanza ameshakubali zichukuliwe zote.

Nikabandika kiungo cha orodha ile. Programu ikasema ziko sitini na nne, ikaanza ya kwanza. Ilipofika ya kumi na tisa umeme ukakatika. Uliporudi nikarudia amri ileile, na ikafanya kama mwalimu alivyosema: kumi na nane ikazipita kwa kusema kila moja imeshaandikwa kwenye kumbukumbu, ya kumi na tisa ikaiendeleza pale ilipoachia. Haikuwa imeiandika ile, maana ilikuwa haijamaliza. Nikamwambia katibu, huyu ni mwaminifu kuliko mimi, haandiki kazi kabla haijaisha.

Zilipokwisha zote nikazikata, nikazibandika kwenye flashi ya katibu, nikamkabidhi. Mzigo wa mteja haukulala dukani. Faili la zilizokuja.txt nililiacha, kwa sababu lile si mzigo wa mteja, ni daftari la mashine.

Baada ya kama mwezi katibu akarudi bila utani. Flashi ilikuwa inachomekwa kwenye spika ya redio kwenye mikusanyiko, siku hiyo ikaanguka ikakanyagwa, na sasa hata taa haiwaki. Akauliza kama zinaweza kupatikana tena. Nikamwambia ngoja. Nikaandika amri ileile. Maandishi yakashuka mbio, moja ya sitini na nne, mbili ya sitini na nne, kila moja imeshaandikwa kwenye kumbukumbu, mpaka mwisho. Haikuchukua hata dakika tatu.

Mimi nikayasoma nilivyotaka kuyasoma. Nikamwambia zote zipo, haijakosekana hata moja. Katibu akafurahi, akasema basi nizitunze mwenyewe, ataleta flashi nyingine akishauza pamba. Nami nikaandika kwenye daftari ule mstari nilioutaja mwanzo. Nimeandika "nimeangalia". Nilichokuwa nimeangalia ni orodha. Folda yenyewe sikuifungua.

Mwanamke mmoja alikuja Alhamisi ya mwisho wa kiangazi, duka likiwa na watu wa kopi. Akasubiri wote waondoke. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa vizuri, ana begi la mshonaji begani, tepu ya kupimia imechungulia. Akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," nikamwitikia, nikamuuliza habari, akasema mhola duhu, salama tu, lakini uso haukuwa wa salama. Akasema ametumwa na katibu wa ngoma wa Sapiwi. Anatoka Binza, kule Maswa. Anatafuta wimbo mmoja.

Nilimpa kiti. Aliyonieleza nitayaeleza kwa kifupi, maana ni yake.

Yeye ni mtoto wa yule manju. Alizaliwa na mwanamke ambaye manju hakumwoa. Ng'ombe wa mahari hawakutolewa, na kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo huhesabika wa kwa wajomba zake. Alilelewa huko, hakunyanyaswa, hana malalamiko. Baba yake alikuwa akipita Binza humsalimia, humletea kanga, basi. Lakini msimu mmoja kwenye mashindano, mbele ya watu, baba yake aliimba wimbo wa watoto wake, na ndani yake akamtaja yeye. Yeye hakuwepo. Alihadithiwa. Mtu mmoja alimwonyesha kipande kwenye simu, sauti ilikuwa mbovu, akasikia jina lake mara moja, simu ikaisha chaji.

Sasa baba amelala. Wanawe wa nyumbani wanapokezana kumlisha, kumwogesha, kumgeuza. Mwanamke huyu aliomba naye awe na zamu yake. Mdogo wake manju, ambaye ndiye anasimamia mji wa kaka yake kwa sasa, alimjibu kwamba mgeni anakaribishwa kusalimia wakati wowote, ila kumwogesha mzee ni kazi ya watoto. Akasema habari za wimbo amezisikia kwa watu, wimbo wenyewe hajausikia. Jumamosi ndugu wanakaa kupanga upya mambo ya mgonjwa, na baada ya hapo mpango haubadilishwi ovyo.

"Sitaki ng'ombe," aliniambia. "Wanadhani nimefuata ng'ombe wa urithi. Mimi nataka kumwogesha baba kabla hajafa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, video ninazo zote. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye ghala. Nikafungua folda.

Ndani mlikuwa na faili moja. zilizokuja.txt.

Nilifunga nikafungua tena. Nikatafuta kwenye folda nyingine, kwenye kapu la takataka la kompyuta, huku yule mama kijana amekaa ananitazama mgongo. Halafu nikaelewa. Orodha inaandika kilichokuja. Haiandiki kilichobaki. Mimi nilivikata vitu vikaondoka na flashi, mashine haikuwa na habari, wala haikuwa kazi yake kuwa na habari. Siku ile katibu alipokuja video zote zilikuwa bado ziko mtandaoni, na laiti ningefungua folda hii ningeona ni tupu, nikazichukua upya saa ileile.

Nilimwambia ukweli. Sikumlaumu katibu kwa flashi wala mwalimu kwa kutonionya, maana labda alinionya nikawa nawaza mambo ya duka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo haupo?" Nikasema sijui, hebu tuone mtandaoni. Tukafungua orodha ile ya kucheza. Sasa ilikuwa na video sitini na moja.

Tulizipitia kwa majina, na majina yalikuwa hayasaidii: ngoma Sapiwi, ngoma Sapiwi tena, ngoma na tarehe. Hakukuwa na wimbo wa watoto. Nilimpigia katibu nikampa habari, na kumwomba namba ya yule wa Mwanza. Katibu akasema, "Mama stesheneri, kompyuta yako inahesabu ng'ombe waliokwisha chinjwa." Nilistahili.

Yule wa Mwanza alipokea, nyuma yake kuna kelele za mtaa. Nataka nimtendee haki kwa sababu wengine pale Sapiwi walimsema vibaya. Alisema kweli kuna video ameziondoa kwenye orodha na kuzifanya za siri. Mdogo wake manju alimpigia mwenyewe, akamwambia wimbo ule unaleta maneno nyumbani wakati kuna mgonjwa, na yeye akaona ni ombi la mwenye mji, akaliheshimu.

Nikamuuliza kama anaweza kuufungua tena, hata kwa muda.

"Dada, mimi nina video zaidi ya mia nne humo," alisema. "Za siri ni nyingi, za harusi za watu, za misiba. Zote nimeandika ngoma na tarehe, na nilipouficha ule sikuweka alama yoyote. Nikianza kuzifungua moja moja nimalize lini? Niambie ni ipi."

Nikamwambia sijui ni ipi. Akasema basi nikijua nimpigie, na kwamba wimbo ni wa mzee, si wake wala si wa mdogo mtu, kwa hiyo kama mtoto wa mzee anautaka, yeye hatamzuia. Alisema "mtoto wa mzee" bila kusitasita. Yule mwanamke alisikia, maana nilikuwa nimeweka spika.

Alirudi Binza jioni ile akiwa hana kitu. Mimi nikabaki na duka. Nilifikiri angalau hizi sitini na moja nizichukue upya, nizirudishe kwa katibu, iwe nimelipa sehemu ya kosa. Amri ya zamani isingefaa, ingezipita zote. Kwa hiyo nikaandika jina jipya la orodha, mpya.txt, ambayo bado haikuwepo kabisa, na programu ikaanza kutoka ya kwanza kama mtu asiyekumbuka lolote. Bando lilikwenda, nikaongeza. Ijumaa asubuhi nilipofungua duka ilikuwa imemaliza.

Nikiwa nakunywa chai nilizitazama zile orodha mbili kwenye skrini, zilizokuja na mpya. Ya zamani mistari sitini na nne, mpya sitini na moja. Wazo likanijia polepole, sikuliamini mwanzoni, nikahisi kama limepotea njia likaja kwa mtu asiyestahili. Orodha ya zamani ilinidanganya kuhusu folda, sawa. Lakini haikusahau kitu. Zile tatu zilizoondolewa bado zimeandikwa mle.

Nikazichapa zote mbili kwenye karatasi. Nikaziweka bega kwa bega juu ya kaunta, nikachukua rula na penseli, nikashuka mstari mmoja mmoja. Herufi zile zinachosha macho, kubwa na ndogo hazina maana yoyote. Mstari wa kwanza sawa na wa kwanza, wa pili na wa pili. Mpaka wa ishirini na mbili zilikwenda pamoja. Ishirini na tatu ya zamani haikuwa na mwenzake. Mpya ilikuwa imeruka ikaenda kwenye ya ishirini na nne. Nikaweka alama, nikashusha karatasi mpya kwa mstari mmoja, zikaenda pamoja tena. Ya pili ilikuwa mstari wa arobaini na moja. Ya tatu hamsini na nane. Mteja wa kopi aliingia akaniuliza kama nasahihisha mitihani.

Namba hizo sikuziandika kwa mkono, maana macho yangu siyaamini. Nilizinakili kutoka kwenye faili lenyewe nikamtumia yule wa Mwanza kwa ujumbe, zote tatu, nikamweleza zimetoka wapi. Baada ya muda akapiga. Alikuwa anacheka.

"Dada, umezitoa wapi hizi? Mimi mwenyewe nilikuwa sina."

Alisema ameziweka moja moja kwenye kiungo akiwa ameingia kama mwenye akaunti. Ya ishirini na tatu ina ugomvi wa mashabiki na hataifungua. Ya hamsini na nane kuna mama nguo yake imemvuka akicheza, hiyo aliificha kwa kumsitiri, na hataifungua pia. Nikasema ni sawa kabisa, na nilimaanisha. Ya arobaini na moja ndiyo wimbo. Ataiweka iwe inaonekana kwa mwenye kiungo tu, mpaka adhuhuri, kisha ataifunga, kwa sababu alimwahidi mdogo wake manju na hataki kuonekana mtu wa ndimi mbili. Akaniomba nisiiweke kwenye flashi za watu.

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikaandika amri kama mkono ulivyozoea, nikabandika kiungo, nikabonyeza. Ikanijibu imeshaandikwa kwenye kumbukumbu, ikaishia hapo.

Nikadhani ameshafunga. Kisha nikaona nilichoandika: zilizokuja.txt. Nilikuwa nimeipa orodha ya zamani, na kwa orodha ya zamani wimbo ule ulishakuja, kazi imekwisha. Nikabadilisha jina nikaweka mpya.txt. Ikaanza kushuka. Asilimia kumi, ishirini. Intaneti ikasimama, ikaendelea. Saa tano na nusu ilikuwa imemaliza, na kwenye mpya.txt ukaongezeka mstari wa sitini na mbili.

Safari hii sikuamini mstari. Nilifungua video nikaitazama mwanzo hadi mwisho nikiwa nimesimama.

Manju alikuwa na afya. Amevaa kofia ya manyoya, jasho linamtiririka, mashabiki wamemzunguka. Wimbo ni wa Kisukuma na sina uwezo wa kuuhamisha wote. Anawataja watoto wake mmoja mmoja kwa mambo yao, huyu mvivu wa kuamka, yule mkali kama mama yake, na watu wanacheka. Anafika saba. Ngoma inashuka. Kisha anasema watu wanamhesabia saba, yeye akilala anahesabu nane, na wa nane yuko Binza anashona nguo za watu, anatembea kwa mwendo wa baba yake, mguu wa kushoto unatangulia kuuliza njia. Anataja jina. Watu wanapiga vigelegele. Halafu anaendelea na mambo ya mvua, kama hakusema kitu kikubwa.

Niliiweka kwenye simu yangu na kwenye flashi yangu mpya, na moja nikaiacha kwenye kompyuta. Nikavunja sheria yangu kwa makusudi. Nikampigia yule mwanamke. Hakuuliza mengi. Akaomba nifuatane naye Jumamosi, kwa sababu akienda na video peke yake wanaweza kusema imetengenezwa.

Sapiwi tulifika asubuhi. Katibu alikuwepo. Ndugu walikaa uani, mzee ameegemezwa kwenye kiti kirefu, blanketi magotini. Mdogo wake alitupokea vizuri, sina budi kulisema hilo. Alikuwa mtu aliyechoka. Anaamka usiku kumgeuza kaka yake, shamba lake limelala, na kila siku anakuja mtu kudai ana undugu. Nilieleza mimi nani na video imetoka wapi. Nilieleza hata lile kosa langu la flashi, ingawa hakuna aliyeniuliza, na katibu akanitupia jicho la kuniambia nifupishe.

Tukaweka simu kwenye spika yao. Mwanzoni watu waliongea. Sauti ya manju ilipotoka wakanyamaza, maana hawakuwa wameisikia miezi mingi. Mzee mwenyewe aligeuza uso. Mkono wa kushoto, ule mzima, ukatoka chini ya blanketi ukaanza kupiga paja, taratibu, unachelewa kidogo nyuma ya ngoma. Watoto wale saba walipotajwa, mmoja wao aliyekuwepo alicheka akafuta macho. Kisha ngoma ikashuka, na yale maneno ya nane yakaja.

Yule mwanamke alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, anatazama chini. Mzee alimtafuta kwa macho. Ilimchukua muda, shingo haikumtii vizuri. Alipompata, mkono uliokuwa unapiga paja ukasimama, ukainuka kidogo, ukabaki umemwelekea.

Wimbo uliisha. Mdogo wake manju alisogea karibu na spika. Akaomba upigwe tena pale tu, tukapiga. Kisha akasema, si kwa hasira:

"Mimi sikusema hakuimba. Nilisema sijasikia. Sasa nimesikia."

Mtu mmoja akaanza kuuliza habari za ng'ombe, yeye akamkatiza, akasema ng'ombe hawajatajwa hapa. Akamgeukia mwanamke wa mji ule na kusema, "Mwonyesheni mwenzenu maji yanapochemshiwa. Jioni ya leo ni zamu yake."

Nilibaki mpaka kikao kilipoisha. Katibu alinisogelea akauliza zile sitini na moja kama kweli zipo safari hii au ni ng'ombe wale wale. Nikampa flashi nyingine, nikamwambia zimo humu na nakala zake zimebaki dukani, nimefungua kila moja, na kama ana shaka aje ahesabu mwenyewe. Akasema atakuja. Mpaka leo hajaja, lakini mimi nilihesabu tena nilipofika.

Kwenye daftari, chini ya ule mstari wa zote 64 zipo, sikufuta. Niliongeza tu kwamba siku hiyo niliangalia orodha, sikuangalia folda.

Wakati naondoka Sapiwi nilitaka kumuaga yule mwanamke. Kwetu mgeni husindikizwa, na yeye ndiye aliyenileta. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekunja mikono ya blauzi, beseni mbele yake, anaonja joto la maji kwa kiwiko kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Akaniambia nimsamehe, hawezi kunisindikiza, maji yatapoa. Nikamwambia asijali, njia naijua.